Majina ya siri yachekeshe, lakini yasimtaje mtu

Mpendwa Mshauri,

Ofisini kwetu tuko watu 14, na kila mwisho wa mwaka tunabadilishana zawadi kwa siri. Kila mmoja huokota jina la mwenzake, kisha kwa wiki mbili humpelekea vijibarua kabla ya zawadi yenyewe, vyote vikiwa vimetiwa jina la bandia. Mwaka jana niliwaachia watu wajichagulie majina, na siri haikufika siku ya tatu. "Malkia wa Mizania" alijulikana papo hapo. "Kimya Kingi" naye alijulikana, kwa kuwa ni mmoja tu kati yetu anayeongea tangu asubuhi hadi jioni, na ni yeye tu ambaye angeuona utani huo kuwa mtamu. Mwaka huu mwenzangu amependekeza tutumie namba, lakini nani atacheka akipokea kijibarua kutoka kwa Namba Tisa? Ninataka majina yachekeshe kwelikweli na yasitoe dokezo lolote. Je, inawezekana? Nami pia ni mshiriki, kwa hiyo nisingependa kukaa na orodha ya nani ni nani.

Mratibu

*

Ndugu Mratibu,

Inawezekana, ila itabidi uwanyime wenzako haki ya kujichagulia majina. Najua watalalamika, kwa sababu kujibatiza ni nusu ya raha ya mchezo huu, lakini hapo ndipo siri inapovujia. Mtu anapojichagulia jina huchota kutoka katika kazi yake, mapenzi yake, au picha anayodhani wenzake wanayo juu yake. Mtazame huyo Malkia wenu. Aliyepokea kijibarua chake alikuwa na watu 13 wa kuwashuku. Neno "Malkia" likawaondoa wanaume wote kwa mpigo mmoja, na neno "Mizania" likawaondoa wote wasioshughulika na hesabu. Maneno mawili tu yalitosha kumbakiza mtu mmoja, na hakuna aliyehitaji kuutazama hata mwandiko.

Kimya Kingi alidhani ameikwepa hatari hiyo kwa kugeuza sifa yake kichwa chini miguu juu. Wengi hufanya hivyo, na haiwasaidii, kwa kuwa kinyume cha sifa ya mtu kinamwelekea mtu yuleyule. Mfupi akijiita Mlingoti, au mchelewaji akijiita Saa ya Ukutani, wenzake hujiuliza swali moja tu, yaani ni nani ambaye utani huu ungekuwa mzuri zaidi kwake, na jibu hulipata. Hata yule anayejitahidi kuchagua jina lisilo na maana yoyote huacha alama, kwa sababu kila mtu ana aina yake ya upuuzi, na watu wanaofanya kazi chumba kimoja wanaujua upuuzi wa kila mmoja wao.

Kwa hiyo jina linapaswa kutoka kwenye kura, na kila mshiriki ajue kwamba limetoka kwenye kura. Sehemu hiyo ya pili ni muhimu kama ya kwanza. Iwapo watu wote wanajua kwamba majina yaliokotwa bila kuonwa, basi hata jina likitokea kufanana na mtu fulani, kufanana huko hakuna uzito, kwani lingeweza kumwangukia yeyote. Aliyekuwa na washukiwa 13 kabla ya kulisoma jina anabaki nao 13 baada ya kulisoma.

Kuna sharti moja linaloandamana na hilo, na waratibu wengi hulivunja kwa huruma: asiwepo mtu wa kurudisha jina alilookota. Ukiruhusu watu kukataa majina yanayowafaa mno, umetoa dokezo kwa mlango wa nyuma. Mtu mrefu aliyeokota Twiga atalirudisha, na baada ya hapo kila anayekutana na Twiga atajua angalau kwamba si yule mrefu. Ondoa majina yenye mashaka kabla ya kura, kisha kila mtu apokee kilichomwangukia.

Sasa tuje kwenye kuchekesha. Mabakuli mawili yanatosha, la kwanza likiwa na majina ya viumbe na la pili likiwa na sifa au mikasa yao. Mshiriki anaokota kikaratasi kimoja kutoka kila bakuli na kuviunganisha. Ninashauri viumbe kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi. Ukichanganya vyombo, mimea na wanyama katika bakuli la kwanza, la pili litakusumbua, maana itabidi uandike "yenye" kwa sufuria, "chenye" kwa kijiko na "wenye" kwa mwavuli, na kila kura itahitaji mtu wa kuisahihisha. Viumbe wote, hata kinyonga na kiroboto wanaoanza na "ki", huchukua "a" na "mwenye", kwa hiyo kikaratasi chochote cha pili kinamkaa kiumbe yeyote wa kwanza bila kuguswa. Faida nyingine ni kwamba kiambishi hicho hakisemi kama mtajwa ni mwanamke au mwanamume.

Katika bakuli la kwanza weka viumbe ambao hawana sifa nzito midomoni mwa watu. Simba, punda, nyani, nyoka, fisi na kiboko waache kabisa, kwa sababu kila mmoja wao tayari ni sifa au tusi, na mtu atakayepewa ataona ametajwa. Waache pia jogoo, mtetea na beberu, ambao wana jinsia ndani ya jina. Wanaobaki ni wengi na wazuri: konokono, jongoo, kakakuona, nungunungu, panzi, pweza, kaa, popo, komba, sisimizi, kereng'ende, chura, kasuku, pomboo. Mimi ninampenda sana kakakuona, kwa sababu jina lenyewe linachekesha hata kabla hajafanya lolote.

Bakuli la pili ndilo linalohitaji kazi. Kichekesho cha majina haya hakitokani na ukali wa maneno, bali na kiumbe kukutwa katika jambo dogo la kibinadamu analolichukulia kwa uzito. "Konokono Mwepesi" ni kinyume tu, na kila mtu ameshawahi kukisikia. "Konokono Aliyekataa Lifti" ni habari nyingine, kwa sababu msomaji anaiona ile barabara, anamwona dereva aliyesimama, na anajiuliza konokono huyo ana kiburi cha namna gani. Andika basi sifa zenye tukio ndani yake: Aliyekataa Lifti, Aliyepoteza Soksi Moja, Anayebishana na Kivuli Chake, Asiyejua Kupiga Mluzi, Mwenye Mwavuli Uliogeuka, Anayedai Chenji Yake, Aliyesahau Miwani Bafuni, Anayeogopa Ngazi. Kila mojawapo inamfaa kiumbe yeyote, na kura yenyewe ndiyo inayoleta bahati. Akiokotwa Jongoo Aliyepoteza Soksi Moja, watu watacheka wakifikiria miguu yake yote, na hakuna mtu aliyeutunga utani huo, kwa hiyo hakuna wa kuhusishwa nao. Zitatokea pia jozi zilizopooza, kwa mfano Panzi Anayeogopa Ngazi, ambaye sina la kumtetea zaidi ya kwamba atasahaulika haraka.

Tahadhari iliyo kubwa kuliko zote katika bakuli hili ni sifa zinazogusa mienendo ya ofisini. Anayechelewa Kikao, Anayekula Chakula cha Wenzake, Asiyejibu Barua Pepe: hizi huchekesha kuliko zote mtu anapoziandika, nazo ndizo zitakazoharibu mchezo, kwa kuwa kila ofisi ina mwenyewe wa kila mojawapo. Kura itazuia zisiwe dokezo, lakini haitazuia zisiwe kijembe. Popo Anayechelewa Kikao akibandikwa ubaoni, macho yatamgeukia mtu mmoja, na mtu huyo hatakumbuka habari za mabakuli.

Kuna njia rahisi ya kuzikamata sifa za aina hiyo, nami ningekuomba usiiruke. Tunga sifa 20 wewe na mwenzako mmoja, kisha kila mmoja wenu akae peke yake na orodha na kuandika, mbele ya kila sifa, jina la mfanyakazi wa kwanza anayemjia akilini, au kistari kama hamwoni mtu. Halafu linganisheni. Tuseme katika hizo 20 mmeweka vistari nyote wawili mbele ya 11, na nyingine 5 kila mmoja amemwona mtu tofauti. Hizo 16 ni salama, kwa sababu sifa inayowaelekea watu wawili tofauti haimwelekei mtu maalumu. Zile 4 ambazo nyote wawili mmeandika jina lilelile zifutwe bila mjadala, hata kama mojawapo ndiyo iliyowachekesha kuliko zote. Aliyesahau Miwani Bafuni, niliyoitaja hapo juu, inaweza kabisa kuanguka katika kundi hilo kama ofisini kwenu yumo mmoja anayeitafuta miwani yake kila siku. Kwa watu 14 mnahitaji sifa 14 na viumbe 14 angalau. Ziada ya mbili tatu haina madhara, na itakufaa mtu akijiunga mwishoni. Majaribio hayo hayo wafanyieni na viumbe, ingawa huko kwa kawaida hutoka mmoja au wawili tu.

Vikaratasi vyote vichapwe kwa printa, kwa herufi za aina moja, kwenye karatasi ya aina moja, na vikunjwe mara mbili. Siku ya kura kila mtu aokote viwili, avitie mfukoni na aende kuvisoma mahali pengine. Usiwaruhusu wavifungue mbele ya wenzao. Anayekunjua kikaratasi na kuangua kicheko amejitangaza, kwani siku tatu baadaye jina la kuchekesha kuliko yote litakapoonekana ubaoni, watu watakumbuka nani alicheka. Na aliyekunja uso atakumbukwa vilevile litakapotokea lile lililopooza.

Baada ya hapo kila mtu analijua jina lake peke yake, na hakuna orodha yoyote. Huenda ukadhani orodha inahitajika ili zawadi zifike, lakini haihitajiki. Kijibarua na zawadi huandikwa jina halisi la mpokeaji na jina la bandia la mtoaji, na hayo mawili yanatosha kufikisha mzigo. Orodha ingehitajika kwa jambo moja tu, yaani pale ambapo siku ya zawadi mtu mmoja amekosa chake na lazima ijulikane nani amesahau. Kwa hilo, kila mshiriki aandike jina lake halisi, la bandia na la mpokeaji wake kwenye karatasi, aitie katika bahasha, aifunge, na juu yake asiandike kitu. Bahasha zote 14 zikabidhiwe kwa mtu asiyeshiriki. Zikifunguliwa, atazifungua yeye, na pale tu zawadi inapokosekana. Wewe utabaki na shauku kama wengine.

Majina yakiwa salama, kinachobaki cha kuyasaliti ni namna yanavyotumika. Nitataja mambo mawili tu, kwa kuwa ndiyo yanayovunja siri mara kwa mara.

La kwanza ni mahudhurio. Jina la bandia linaloandika kila siku isipokuwa Jumatano na Alhamisi, wiki ileile ambayo mmoja wenu alikuwa safarini Jumatano na Alhamisi, limekwisha kujulikana. Dawa yake ni kuwataka watu wote waandike vijibarua vyao vyote mapema, tuseme vitatu kila mmoja, na kuvitumbukiza katika sanduku moja kabla ya wiki mbili kuanza, kila kimoja kikiwa na namba 1, 2 au 3 kwa nje. Wewe unavibandika vyote vya namba 1 siku moja, vyote vya namba 2 siku nyingine, na kadhalika. Mpokeaji akitaka kujibu, ajibu kwa kubandika jibu lake ubaoni likiwa na anwani ya jina la bandia, na mtoaji alisome hapohapo akipita kama wengine wanavyosoma. Asije mtu kuchukua jibu kutoka kwenye kisanduku chenye jina, kwani atakayeonwa mkono wake ukiwa humo ameshindwa.

La pili ni sauti. Hata kijibarua kilichochapwa humtaja mwandishi wake kwa salamu anayoizoea, kwa vialama vya mshangao vitatu mfululizo, au kwa neno la mitaani ambalo hakuna mwingine analitumia. Hapa jina la kuchekesha linawasaidia kuliko namba ambavyo ingeweza kuwasaidia, jambo ambalo mwenzako mpenda namba huenda hajalifikiria. Namba Tisa hana tabia, kwa hiyo mtu anayeandika kwa jina hilo huandika kama yeye mwenyewe. Lakini aliyepewa Konokono Aliyekataa Lifti ana mhusika wa kumvaa. Anaweza kuandika: "Nimeanza safari ya kukuletea zawadi yako. Nimepitwa na magari manane, na yote nimeyapungia mkono ambao sina. Nijulishe kama unapenda kitu cha mezani au cha kubeba, ili nijue kama nirudi nyuma." Hayo ni maneno ya konokono mwenye kiburi, wala si ya mtu wa stoo au wa mapokezi. Waambie wenzako waandike kama kiumbe chao angeandika, sentensi zisizidi tano, na wasitaje jambo lolote lililotokea ofisini. Anayetaja jambo la ofisini hufichua alikuwepo wapi na alisikia nini.

Bila shaka unataka pia siri isivunjike kabla ya wakati, na wakati wenyewe una mtego wake. Mkifichuliana mmoja mmoja siku ya zawadi, kila jina linalofichuliwa hupunguza washukiwa wa waliobaki. Likishafichuliwa la kumi, wamebaki watoaji wanne, na mpokeaji wa mwisho hana cha kukisia, kwani amebaki mtu mmoja tu ambaye hajasimama. Basi kabla ya jina la kwanza kufichuliwa, kila mpokeaji aandike kwenye karatasi mtu anayemshuku na aiweke mezani ikiwa imefunikwa. Hapo wote wanakisia kutoka katika hali moja, na wa mwisho anapofunua karatasi yake, kukisia kwake kuna thamani sawa na kwa wa kwanza. Kama kura ilikwenda sawasawa, tarajia mmoja au wawili tu wapatie kwa bahati, maana mwenye washukiwa 13 asiye na dokezo hupatia mara 1 kati ya 13, na nyinyi mko 14. Wakipatia saba au wanane, kuna mahali pamevuja, na ni karibu hakika kwamba ni kwenye vijibarua na si kwenye majina. Visome tena vile vilivyokisiwa sawasawa, utaona ni salamu au ni siku.

Kuhusu mwaka utakaofuata, bakuli la viumbe unaweza kulihifadhi, lakini la sifa litungwe upya. Aliyekuwa Konokono Aliyekataa Lifti ataitwa hivyo kwenye korido kwa miezi kadhaa, na sifa hiyo ikirudi bakulini itakuwa tayari ni ya mtu, na katika yale majaribio ya orodha wote wawili mtaandika jina lake.

Mshauri wako